Diodi au transista kwenye kikuza logi: joto la mchana halichagui

"Fundi, nimetengeneza kipimamwanga chenye kikuza logi. Fotodiodi naishusha majini kwa waya, sanduku la saketi linabaki mtumbwini. Alfajiri hapa Luchelele, Mwanza, kinasoma vizuri, saa saba mchana kinadanganya. Kwenye mrejesho nimeweka diodi 1N4148. Nikiitoa nikaweka transista, kitapona?"

Kitapona ugonjwa mmoja, na siyo huo anaoulalamikia. Huenda hata akaona huo wa mchana umezidi.

Tuanze na sababu ya kutumia logi ziwani. Mwanga ukishuka majini haupungui kwa kiasi kilekile kila mita, unapungua kwa uwiano. Tuseme yuko mahali ambapo kila mita 3 mwanga unabaki sehemu moja ya kumi. Kipimo cha kawaida kitajaa juu na kupofuka chini, lakini kikuza logi kinageuza mporomoko huo kuwa mstari ulionyooka. Ukiachia mbali alama ya hasi, fomula ni hii:

```
V = VT · ln(I / IS)        VT = kT/q
```

I ni mkondo wa fotodiodi, IS ni mkondo mdogo sana wa asili wa diodi au transista yenyewe, na VT ni volti inayotokana na joto T kwa kelvini; k na q ni namba zisizobadilika. Transista ikiwa kwenye nyuzijoto 25, kila mkondo ukipungua mara kumi V inashuka kama milivolti 59. Kwa maji yetu ya mfano, mita moja ya kina ni karibu milivolti 20.

Wanaosema "weka transista" wana hoja ya kweli, nayo ni unyoofu wa mstari. Katika diodi ndogo kama 1N4148, sehemu ya mkondo inatokana na elektroni na matundu kukutana ndani ya makutano yenyewe, na sehemu hiyo haifuati fomula hapo juu. Ndiyo maana utapata milivolti 100 na ushee kwa kila mara kumi badala ya 59, na idadi hiyo inabadilika kadiri mkondo unavyobadilika. Kwenye transista, unaunga kolekta kwenye mlango wa hasi wa opampu, besi kwenye ardhi, emita kwenye mlango wa kutokea. Mkondo huo mchafu unapitia besi na kuishia ardhi, kolekta inabaki na mkondo msafi. BC547 ya kawaida itakupa mstari mnyoofu kutoka nanoampea hadi karibu miliampea moja, mradi opampu isiwe inakunywa mkondo wako. LM358 inavuta makumi ya nanoampea kwenye mlango wake, kwa hiyo kwenye kina kirefu utakuwa unapima kiu ya opampu. TL072 inafaa zaidi.

Sasa joto. Kwenye fomula limejificha mahali pawili: ndani ya VT waziwazi, na ndani ya IS kwa siri. Hiyo IS ndiyo mkorofi, maana inaongezeka takriban maradufu kila nyuzi 5. Matokeo yake, kwa mkondo uleule, V inashuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Diodi na transista zote ziko hivyo.

Chukua sanduku lake. Alfajiri lina nyuzi 22. Mchana, kwenye mtumbwi usio na kivuli, tuseme ndani limefika 47. Nyuzi 25 mara milivolti 2 ni milivolti 50. Ukitumia jedwali la kugeuza volti kuwa mwanga ulilolitengeneza alfajiri, transista itakwambia mwanga ni sehemu moja ya saba ya ulivyo, sawa na kukosea kina kwa mita 2.5. Diodi, kwa kuwa ina milivolti nyingi zaidi kwa kila mara kumi, milivolti 50 hizohizo kwake ni kosa la kama mara tatu tu. Ndiyo maana nilisema akibadili ataona umezidi: amenyoosha mstari, na papo hapo ameufanya uwe mwepesi zaidi kusukumwa na joto.

Dawa ya vitabuni ni transista mbili pacha, yaani zinazofanana. Ya kwanza inabeba mkondo wa fotodiodi, ya pili mkondo usiobadilika, mathalani mikroampea 1, kisha unatoa volti moja kwenye nyingine. IS zinafutana, inabaki VT peke yake. Lakini VT nayo inapanda theluthi moja ya asilimia kwa kila nyuzi: milivolti 58.5 za alfajiri zinakuwa 63.5 mchana. Pale mikondo miwili inapolingana huna kosa lolote. Mwanga ukiwa mara mia juu au chini ya hapo, umekosea milivolti 10, yaani nusu mita ya kina. Kilichobaki unakirekebisha kwenye programu kwa kuzidisha na 298/T, T ikiwa joto kwa kelvini.

Wapo watakaouliza: kama nina kipimajoto na programu, transista ya pili ya nini? Swali zuri, na hesabu inalijibu. Kipimajoto kikikosea nyuzi moja, mwenye transista moja anakosea milivolti 2, ambazo ni asilimia 8 ya mwanga. Mwenye mbili, hata kwenye ncha ile ya mara mia, anakosea kama asilimia 1.5.

Kinachowatisha watu ni neno "pacha", wakidhani lazima waagize kipande ghali kutoka nje. BC547 mbili za mkanda mmoja zikitofautiana milivolti 5, tofauti hiyo inahama milivolti 0.4 tu kwa nyuzi zote 25, na yenyewe unaifuta wakati wa kusanifisha. Kinachoua ni mbili hizo kutokuwa na joto moja: nyuzi moja kati yake inakurudisha kwenye asilimia 8. Zigandishe uso kwa uso kwa epoksi, zifunge kwa kipande cha shaba, ziwe mbali na regyuleta.

Pamoja na hayo yote, kwa kazi yake mimi nisingeanza na pacha. Anachotafuta ni kasi ya mwanga kupotea kwa mita, yaani tofauti ya somo la kina kimoja na kingine, na kwenye tofauti IS inajifuta yenyewe mradi joto halikusogea katikati. Joto la maji ya ziwa halipandi na kushuka kama la mtumbwi. Saketi ya transista moja ikiingia kwenye kopo lisilopitisha maji ikashuka pamoja na fotodiodi, anaponea hapo, na anaepuka waya mrefu unaovujisha nanoampea zake. Sharti ni kungoja. Kopo lililotoka juani na nyuzi 47 likiingia kwenye maji ya 25 litahama milivolti 44 likiwa limetulia palepale, na kila milivolti 20 zitajifanya mita moja, tena kwa kupanda, kana kwamba anaelekea juu.

Akishaweka transista, aongeze kapasita ya pikofaradi 100 kati ya mlango wa hasi na mlango wa kutokea, na rezista ya kilo-omu chache kwenye emita. Transista inaongeza ukuzaji ndani ya mzunguko, na bila hivyo opampu huanza kulia: somo la multimita linaruka ukisogeza mkono tu.

Kabla ya kununua chochote, achomoe fotodiodi, na badala yake aingize mkondo wa kudumu: volti 1 thabiti kupitia rezista ya mega-omu 10, yaani nanoampea 100. Kisha aliweke sanduku juani nusu saa akiangalia multimita. Milivolti zikihama, mwanga hauhusiki.