Wasifu wa mwalimu uanzie kwenye mkoba wa barua zake

Baba mdogo alifariki Jumatatu, maziko yakapangwa Jumatano. Usiku ule nilikabidhiwa karatasi mbili za wasifu wake zilizokwisha kuandikwa na ndugu, nikaambiwa ninyooshe Kiswahili tu, kisha nizisome mazikoni. Zilisema marehemu alihitimu ualimu mwaka 1976, akaajiriwa Mkoa wa Geita, akawa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, akafundisha maelfu ya watoto na hakuwahi kukosana na mtu. Msibani wangekuwepo walimu aliofanya nao kazi. Nilikataa kuzisoma hivyo hivyo.

La Geita halikuhitaji hata kuulizwa. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012. Miaka ile Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Aliyeandika hakudanganya, alitumia ramani ya leo kueleza jana.

Mengine yalitaka ushahidi. Nilimwomba mama mdogo ule mkoba ambao walimu wengi wa zamani huuweka kabatini: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za uhamisho, za kupandishwa daraja. Ukizipanga kwa tarehe unapata uti wa mgongo wa maisha ya kazi. Ila barua ya uhamisho inaonyesha siku iliyoandikwa, si siku mwalimu alipofika. Moja ilikuwa ya Januari, lakini kitabu cha kumbukumbu cha shule aliyohamia kilionyesha aliripoti Mei. Kwenye wasifu nilifuata Mei.

Barua ya ajira nayo ilisema 1979, wala si 1976. Shangazi alishikilia kwamba kaka yake aliingia darasani 1976, alimwona kwa macho yake. Wote wawili walikuwa sahihi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Serikali ilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafunzwa ualimu kwa miaka mitatu hukohuko kwenye shule za msingi huku wakifundisha. Ndio tuliowaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Baba mdogo alikuwa mmoja wao: mwanafunzi wa ualimu tangu 1976, mwajiriwa tangu 1979.

Ndugu walijua hilo, na ndilo walilolificha kwa maneno “alihitimu ualimu”. Jina la UPE lilikuwa na dharau, wakaona aibu lisomwe kaburini. Hapa ndipo nilipobishana nao kweli. Kijana aliyetoka darasa la saba, akasimama mbele ya watoto asubuhi na kusoma mwenyewe mchana, ametoka mbali kuliko huyo msomi wa kubuni waliyemwandika. Ukiifuta UPE umeifuta ile safari yake yote.

Ualimu mkuu ulikuwa miaka miwili ya kukaimu, barua ipo. Tuliandika hivyo. Kazi yake hasa ilikuwa darasa la kwanza, ambalo katika shule moja alilishika miaka 19 mfululizo. Mwalimu wa taaluma pale alitufungulia rejista za uandikishaji, tukahesabu majina ya miaka hiyo bila kurudia waliokariri darasa: 1,106. Tukaandika kwamba watoto 1,106 waliandikishwa darasa lake. Hatukuandika kwamba wote aliwafundisha kusoma, maana rejista haisemi nani alijua kusoma na nani aliacha shule.

Kuhusu tabia, niliwauliza watu mmoja mmoja wanieleze walichokiona, si walivyomfikiria. Ukiuliza “alikuwa mtu wa namna gani?” utajibiwa “mcheshi, mcha Mungu”. Ukiuliza “asubuhi alikuwa akifanya nini?” unapata kitu. Wawili ambao hawakukaa pamoja waliniambia jambo lilelile: alichonga penseli za watoto kwa wembe kabla ya kengele, akazipanga kwenye kopo la maziwa, kwa sababu mtoto asiye na penseli hushika ya mwenzake na vurugu huanza. Hilo liliingia. “Hakuwahi kukosana na mtu” nilikata, maana kamati ya shule iliyogombana naye juu ya fedha za madawati ilikuwa imekaa mstari wa pili. Ule ugomvi wenyewe sikuuandika, nilikuwa na upande mmoja tu wa maneno.

Hata mwaka wa kuzaliwa ulitofautiana: cheti cha ubatizo 1958, kumbukumbu za ajira 1960. Tukaandika wa ubatizo, na kwamba alistaafu 2020 kwa umri wa miaka 60 kwa mujibu wa kumbukumbu za kazi. Ambayo hatukuyamaliza kwa siku mbili tuliyaacha nje, tukayatafuta kabla ya arobaini.

Nilipofika kwenye mstari wa UPE, bibi mmoja mwenye kanga ya bluu alisimama nyuma kabisa. Alisubiri nimalize, ndipo akasema kwa sauti, “Tulikuwa kumi na wanne. Tumebaki watatu.”