Mwenye godauni, tuuzie saa za jioni

Godauni ninalopanga liko Vingunguti, Dar es Salaam, ndani ya uzio mmoja na wapangaji wengine. Mkataba unasema geti linafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Kwa anayetoa mzigo kwa kirikuu, saa hizo zinamtosha. Kwa sisi tunaopokea makontena ya futi 40, ni balaa.

Kontena halitoki bandarini kwa sababu mpokeaji ameamka mapema. Wakala afuatilie vibali, trela lingoje zamu ya kupakiwa, kisha lipambane na foleni ya Barabara ya Nyerere. Likifika kwangu saa 10 jioni nashukuru Mungu. Maboksi yaliyojazwa bila paleti, makuli sita wakiyashusha kwa mikono, huchukua saa tatu hadi nne. Saa 12 mlinzi anakuja na ufunguo, na nusu ya mzigo bado imo. Tunafunga milango, trela linalala, na kesho yake mwenye trela anadai pesa ya kulaza gari. Siku za bure za kampuni ya meli nazo zikiisha, kuchelewa kurudisha kontena tupu kunalipiwa kwa dola.

Maoni yangu ni kwamba wapangaji tunakosea tunapoomba "muda uongezwe" kama tunaomba hisani. Mwenye godauni akisikia hivyo anawaza wezi, majirani na mlinzi anayetaka kwenda nyumbani, na ana haki ya kuwaza hivyo. Saa za jioni ni mali yake. Basi tumwombe atuuzie.

Ombi langu nililiandika hivi: siku ya kontena tu, nikitoa taarifa kabla ya saa 8 mchana, geti libaki wazi hadi saa 4 usiku. Malipo ya ziada ya mlinzi juu yangu. Hapo hesabu iwe ya kweli, maana sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka saa ya ziada ilipwe angalau mara moja na nusu ya kawaida, na kazi ya kuanzia saa 2 usiku ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Ukijumlisha yote, bado ni pesa ndogo mbele ya kulaza trela. Kuhusu majirani nimeahidi kwamba baada ya saa 2 hakuna foklifti uani, wala gari linalorudi nyuma likipiga king'ora. Kazi ni ya mikono, ndani ya mlango. NEMC, baraza la mazingira, ina viwango vya kelele, na vya usiku ni vikali kuliko vya mchana, kwa hiyo ahadi hiyo haikuwa ya kumpendeza mtu.

Suala la geti ni gumu zaidi, kwa sababu wengi hulipima vibaya. Geti letu lina mita 5, trela lina upana wa mita 2 na nusu, na mwenye godauni huuliza, "Sasa tatizo liko wapi?" Tatizo liko kwenye kona. Trela likikata kona kali, matairi ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakatiza kwa ndani, na gari zima hufagia eneo la upana wa mita 7 hivi. Mtaa wetu una mita 8 kutoka ukuta hadi ukuta, hivyo dereva hana pa kujitanua kabla ya kuingia. Nguzo ya kushoto ya geti ina makovu ya rangi za matrela yote yaliyowahi kuja.

Jumapili moja mtaa ukiwa mtupu, dereva mmoja mzoefu aliingiza trela tupu polepole huku utingo akichora kwa chaki pale matairi ya nyuma yalipopita. Mchoro ule ndio niliopiga picha na kuambatanisha na barua. Sikuomba geti pana. Niliomba ukuta ukatwe kwa mshazari na geti lirudishwe ndani, ili kona ilegee na gari linalosubiri kufunguliwa lisizibe mtaa.

Rampu sikuiomba. Sakafu ya kontena likiwa juu ya trela iko zaidi ya mita moja kutoka chini, nasi hatuna jukwaa, lakini rampu ya chuma ya magurudumu nitanunua mwenyewe na nikihama nitaondoka nayo. Ukuta siwezi kuubeba. Ndiyo maana nimependekeza niugharamie mimi, kisha gharama ikatwe kwenye kodi kidogo kidogo, na yote yaandikwe katika nyongeza ya mkataba iliyosainiwa na pande zote mbili. Ruhusa ya mdomo hufa siku mtoto wa mwenye godauni anapochukua usimamizi.

Saa za jioni amezikubali kwa majaribio ya miezi mitatu. Kuhusu ukuta anasema anasubiri fundi wake apime, na mimi nimemwambia fundi aje siku trela lipo.