Hedhi Kukatika Si Medali

Kuna kauli inazunguka jimu na kwenye kurasa za mazoezi mpaka imezoeleka: "Siku zako zikikatika, usihofu, ni dalili mwili umeanza kuchoma mafuta." Anaisema kocha mwenye misuli ya kuchongwa, chini yake watu mia wanapiga makofi. Ningependa huyo kocha aniambie ni kiungo gani kingine cha mwili kikizimika tutampongeza mwenye nacho. Figo?

Hedhi haikatiki kwa sababu mafuta yanaungua. Inakatika kwa sababu ubongo umepiga hesabu na kuona chakula kinachobaki baada ya mazoezi hakitoshi kuendesha mwili wote, basi unaanza kuzima vitengo. Uzazi hauhitajiki ili uishi leo, kwa hiyo unazimwa mapema. Sehemu ya ubongo inayoamrisha homoni hupunguza amri zake, mayai hayapevuki, estrojeni inashuka. Na estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa. Ikikaa chini kwa miezi, mfupa unabomolewa haraka kuliko unavyojengwa, na mkimbiaji wa miaka 24 anapata ufa kwenye mfupa wa muundi bila kuanguka wala kugongwa.

Tuchukue mfano kwa tarakimu. Mwanamke ana kilo 60, na asilimia 20 ya uzito huo ni mafuta, yaani kilo 12. Zinabaki kilo 48 za misuli, mifupa na viungo, na hizo ndizo zinazodai kulishwa. Anakula kalori 1,800 kwa siku, na anajisifu kwamba anakula vizuri. Mazoezi yake yanakula kalori 600. Toa 600 kwenye 1,800, zinabaki 1,200. Gawa kwa 48, unapata 25 kwa kila kilo. Watafiti wa lishe ya wanamichezo huona 45 kuwa kiasi kinachotosha, na chini ya 30 ndiko homoni za wanawake wengi huanza kuyumba. Ili huyu afikie 45 angehitaji kalori 2,760 siku ya mazoezi. Pengo ni karibu 1,000, na kwa macho yake mwenyewe hakujinyima chochote.

Sawa, nakubali kwa shingo upande: namba 30 si ukuta. Wapo wanaoyumba juu yake na wapo wanaostahimili chini yake, na saa ya mkononi inakisia tu kalori ulizotumia, mara nyingi kwa kukosea. Kwa hiyo usiigeuze hesabu hii kuwa ibada ya kila jioni. Kama tayari huwezi kuweka tonge mdomoni bila kulipima kwenye simu, hiyo pekee ni dalili, wala huhitaji kufika kwenye kugawanya.

Mzani nao hudanganya hapa. Watu husubiri kuona mtu amekonda kama ufito ndipo washtuke. Mwili uliobanwa hushusha matumizi yake: mikono na miguu inakuwa baridi, choo kinakuwa kigumu, usingizi unakatika, na uzito unaweza kusimama palepale au kupanda kidogo. Mwenye mwili anaona "nimekwama", anapunguza chakula tena na kuongeza dakika 20 za kukimbia. Anazidi kuuchimba mwili. Usiku njaa inamshinda, anakula kwa pupa mpaka tumbo linauma, kesho anajiadhibu kwa kufunga na mazoezi mara mbili. Kisha anaambiwa hana nidhamu! Ile pupa si uzembe. Ni mwili ulionyimwa mchana kutwa unadai deni lake.

Wanaume, msijifiche nyuma ya neno hedhi. Kwenu testosteroni inashuka, hamu ya tendo inapotea, na uume hausimami tena asubuhi kama zamani. Ukiongeza majeraha yasiyopona na hasira zisizo na sababu, ujumbe ni uleule. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoupa jina rasmi upungufu huu wa nishati mwaka 2014, ilisema wazi kwamba unawahusu wanamichezo wa jinsia zote.

Lakini si kila anayekula pungufu ana ugonjwa wa ulaji. Wengine hawajui tu. Ukiwaonyesha hesabu wanaongeza sahani na mambo yanarudi sawa ndani ya wiki au miezi kadhaa. Tofauti inaonekana unapogusa mpango. Mwambie mtu apumzike siku 2 na ale kama kawaida. Asiye mgonjwa atanung'unika, atalala. Mwenye tatizo atapata hofu ya kweli: atapunguza chakula kwa sababu "hajakistahili", atafanya mazoezi kwa siri bafuni, atakimbia na ufa mfupani. Chakula kwake kimekuwa mshahara wa jasho. Hapo hapo utaona orodha ya vyakula "vichafu" inarefuka kila mwezi, mialiko inakwepwa kwa visingizio, na mtu anatoka mezani kwenda chooni kila baada ya mlo. Kujitapisha na kutumia dawa za kuharisha si hatua ya mwanzo inayoweza kusubiri. Vinashusha potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupiga ovyo hata kwa mtu mwenye uzito wa kawaida.

Basi ni lini uende kwa daktari? Hedhi iliyokuwa ya kawaida ikikosekana miezi 3, nenda. Binti akifika miaka 15 hajaianza, mpeleke. Ufa wa mfupa ukitokea mara ya pili, au ukiwa kwenye nyonga, nenda hata kama hedhi ipo. Kama hofu ya chakula inatawala siku yako, usisubiri mwili uharibike ndipo upate kibali cha kuomba msaada.

Yapo ya kwenda leo leo, hospitali: kuzimia, maumivu ya kifua, moyo kurukaruka, kutapika damu, mawazo ya kujiua, au mapigo chini ya 40 kwa dakika ukiwa macho, hasa yakiambatana na kizunguzungu ukisimama. Ndiyo, najua mtasema mapigo ya chini ni moyo wa mwanamichezo. Huenda. Kipimo cha umeme wa moyo na cha damu ndivyo vitakavyosaidia kuamua, si mwenzako wa jimu. Na aliyejinyima sana kwa muda mrefu asianze kujishindilia chakula peke yake, kwa sababu fosfeti ya damu inaweza kuanguka ghafla siku za mwanzo na kuhatarisha moyo. Arudishwe kula chini ya uangalizi.

Ukifika kwa daktari, usiseme tu "sipati siku zangu". Ukisema hivyo unaweza kupewa vidonge vya uzazi wa mpango, damu itoke kila mwezi, nyote mridhike, kumbe ile damu ni ya vidonge na mifupa inaendelea kuliwa. Anza na haya: hedhi ya mwisho ilikuwa lini, nafanya mazoezi saa ngapi kwa wiki, nakula nini siku ya kawaida, uzito umebadilika vipi, na kama unajitapisha. Kipimo cha mimba na cha tezi ya shingo utafanyiwa pia, na ni haki, kwa sababu hedhi hukatika kwa mengine. Kisha uliza kuhusu kipimo cha uimara wa mifupa, na uombe rufaa kwa mtaalamu wa lishe na mwanasaikolojia kwa pamoja. Mmoja atakupangia mlo. Mwingine atashughulika na ile hofu inayokuzuia kuula.