Daftari la boda na wiki ya mbalamwezi

Kijiweni kwetu Mwanga, hapa Kigoma, ikifika saa mbili usiku hukosi mtu wa kutoa noti mfukoni, kuzihesabu chini ya taa ya duka na kutangaza: "Leo nimelaza kumi na tano." Mimi humuuliza, "Kaka, na tangi umeliachaje?" Ananitazama kama nimemtukana.

Pesa ya mfukoni inategemea saa uliyoweka mafuta. Ukiweka ya 15,000 Ijumaa usiku kabla ya kulala, Ijumaa utaonekana umefanya kazi ya bure na Jumamosi utaonekana umeokota. Ndiyo maana siiamini faida ya siku. Naandika kila siku, lakini hesabu naifunga kwa wiki. Jumamosi usiku najaza tangi pomoni na kuandika namba ya kilometa inayosomeka kwenye dashibodi. Tangi likiwa limejaa mwanzo wa wiki na limejaa mwisho, mafuta yote niliyonunua katikati ndiyo niliyochoma, hakuna ubishi.

Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa chache. Lina mapato, mafuta, hesabu ya tajiri, chakula na mengineyo. Pesa ya simu naiandika siku abiria anapoituma, siyo siku ninapoitoa kwa wakala. Mwanzoni niliiandika mara zote mbili, nikawa tajiri wa karatasi.

Chukua wiki moja ya kwangu, siku 6, maana Jumapili sitoki. Mapato yalikuwa 24,000, 21,000, 19,000 (mvua ilinyesha tangu asubuhi), 23,000, 27,000 na Jumamosi 34,000. Jumla 148,000. Nilitembea kilometa 640 na kuchoma lita 16, kwa 3,300 kila lita, yaani 52,800. Hesabu ya tajiri ni 8,000 kwa siku, kwa hiyo 48,000. Chakula 18,000, na pancha moja 2,000. Kikabaki 27,200.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo ninapogombana nao. Pikipiki ni ya mkataba, matengenezo ni juu yangu, na katika zile kilometa 640 nimekula tairi, cheni na oili ambavyo sijavilipia bado. Oili yangu ni 12,000 na namwaga kila kilometa 2,000, kwa hiyo kila kilometa inakula shilingi 6. Tairi la nyuma nilinunua 60,000 likanipeleka kama kilometa 12,000: shilingi 5. Cheni na sproketi zake 45,000 kwa kilometa 15,000: shilingi 3. Breki, shilingi 1. Jumla ni shilingi 15 kwa kila kilometa, na ukizidisha kwa 640 unapata 9,600. Faida ya kweli ya wiki ile ilikuwa 17,600. Zile 9,600 nazituma kwenye laini ya pili ambayo sitembei nayo. (Mke wangu anaijua namba ya siri, hilo nalo ni tatizo lake.)

Kilometa zina kazi nyingine. 640 gawa kwa 16 ni kilometa 40 kwa lita. Kuna wiki ilinijia 33, na petroli nimenunua palepale siku zote. Nilidhani napunjwa kwenye pampu. Kumbe breki ya nyuma ilikuwa imekaza. Nilipoiweka kwenye stendi kubwa na kulizungusha gurudumu kwa mkono, halikumaliza hata mzunguko mmoja. Fundi alilegeza nati, wiki iliyofuata nikarudi 39. Bila ile namba ningehama kituo cha mafuta na kuendelea kuburuza breki kupanda kilima cha kutoka stesheni.

Jambo la mwisho ni la sisi wa hapa ziwani. Nusu ya abiria wangu wa alfajiri ni akina mama wanaoshuka Kibirizi kufuata dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, wavuvi wanapumzika. Wiki hiyo mapato yangu yanaweza kushuka hadi 115,000 na hakuna nilichokosea. Kwa hiyo juu ya kila ukurasa naandika G ya giza au M ya mbalamwezi, na wiki ya M naipima na M ya mwezi uliopita tu. Mwenzangu mmoja aliuza pikipiki yake kwa hasira baada ya wiki mbili mbaya mfululizo. Nilipomuuliza zilikuwa tarehe gani, tukahesabu kwa vidole: ya kwanza mvua, ya pili mwezi mpevu.