Nguzo ya Septemba haisemi pampu ziliharibika Septemba

"Chati yetu ya nguzo inaonyesha vituo vya maji vibovu 2 Machi na 7 Septemba. Mkutano wa kijiji unakupa dakika kumi tu. Kwa nini usiwaambie watu wazi kwamba kiangazi wanazipiga pampu kupita kiasi?"

Hoja hii ina ukweli wake. Madimbwi yakikauka, foleni ya ndoo huanza alfajiri, na raba ya pistoni kwenye pampu ya mkono kama Afridev huisha upesi ikipigwa kutwa. Tena watu waliokaa juani hushika neno moja kuliko matano.

Ila nguzo ile ya 7 imehesabu pampu zilizokuwa mbovu Septemba, si zilizoharibika Septemba. Tuseme kijiji kina vituo 12. Agosti iliisha na vibovu 6. Septemba vikaharibika vingine 2, na kati ya vile vya zamani fundi akatengeneza 1. Ndiyo 7 hiyo. Wachotaji wa Septemba wana deni la 2; hizo 5 ni za miezi ya nyuma, lakini wao ndio wanaosimama mbele ya mkutano kusemwa kwa zote 7.

Hizo 5 zimetoka wapi? Mara nyingi baadhi zina asili ya masika. Vali ya chini ikianza kuvuja, maji hurudi kisimani usiku, na asubuhi unapiga mipigo ishirini mikavu kabla tone halijatoka. Sasa nani atamfuata katibu wa kamati ya maji kwa hilo, na pipa lake limejaa maji ya bati? Pampu inakufa Machi kimya kimya, taarifa inafika Julai. Kwa hiyo hata ile 2 ya Machi siiamini sana: ni hesabu ya waliolalamika.

Na nyingine hata si mbovu. Pampu ikitoa maji asubuhi, ikakauka mchana, kisha ikatoa tena baada ya kupumzishwa saa kadhaa, hapo shuku maji ya kisima yameshuka chini ya silinda. Utabadilisha raba mpaka uchoke.

Mimi mkutanoni ningeiacha chati ya nguzo pembeni. Ningechora mstari mmoja kwa kila kituo kwenye karatasi kubwa, kuanzia siku kilipoacha kutoa maji hadi siku kilipotengenezwa. Bila tarehe hizo mbili daftarini mstari hauchoreki, na daftari nyingi zina moja tu, ile ya taarifa. Basi ya kwanza ningewauliza wachotaji wenyewe: kituo cha shuleni kiliacha kutoa maji kabla au baada ya kupalilia mahindi? Kina mama watabishana kidogo, watakubaliana, na mstari utarudi nyuma miezi minne.