Kurasa 60 za namba, na jedwali moja halipo

Wiki hii nimesoma tasnifu ya mwanafunzi aliyepima nitrati kwenye maji, na bado roho inaniuma. Kiambatisho chake kina kurasa 60 za namba zilizotolewa moja kwa moja kwenye spektrofotomita. Jedwali la kusawazisha kifaa silioni popote. Katikati ya sura ya matokeo ameandika tu: "Tazama viambatisho."

Nitazame nini? Kifaa hakipimi nitrati, kinapima mwanga uliofyonzwa. Namba hiyo haina maana mpaka nijue mstari uliotumika kuigeuza kuwa miligramu kwa lita. Yeye mstari wake aliuweka ndani ya msimbo, bila tarehe:

```
c = (A - 0.010) / 0.052
```

Sampuli yenye usomaji wa 0.322 inatoa 6.0. Sawa. Lakini vipimo vilifanywa siku 2. Nikapekua zile kurasa hadi nikakuta, siku ya pili, alipima tena mmumunyo alioutengeneza mwenyewe wenye miligramu 6 kamili kwa lita. Usomaji ulikuwa 0.298. Ukiuingiza kwenye mstari ule unapata 5.5. Yaani kifaa kilishahama, na ushahidi ulikuwapo, umefukiwa. Tukichukulia kwamba kilichobadilika ni mteremko tu, yaani ile 0.052, wa siku hiyo ni 0.048, na sampuli ileile ya 0.322 inakuwa 6.5. Sampuli zote za siku ya pili zimeripotiwa pungufu.

Jedwali la kusawazisha lingechukua nusu ukurasa: tarehe, namba ya kifaa, mimumunyo iliyotumika na usomaji wa kila mmoja, mstari uliopatikana, na vipimo vya uhakiki vya mwisho wa siku. Kila siku ya kazi na jedwali lake. Angelipanga hivyo, angeiona tofauti kabla yangu.

Data ghafi zote zihifadhiwe kwenye faili, jina la faili liandikwe, na kwenye kiambatisho ibaki sehemu ndogo ya kuonyesha safu zake. Nakubali, wapo wasimamizi wanaodai kila kitu kichapwe, na mwanafunzi hana ubavu wa kubishana nao. Basi achape, ila jedwali la kusawazisha litangulie. Usomaji uliotupwa usifutwe. Uachwe na sababu yake pembeni. Msimbo nao, chapa mistari inayobadilisha namba. Ile ya kuchora grafu ikae kwenye faili.

Na mtu akirejelea, aelekeze penye namba yenyewe: "Viwango vya siku ya pili vilikokotolewa kwa mstari wa Jedwali B.2." Sentensi hiyo ingemlazimisha kuwa na Jedwali B.2. Nimemwandikia alitengeneze kwanza jedwali hilo, kisha akokotoe upya siku ya pili yote. Bahati nzuri, faili zake bado anazo.