Moyo kwenda mbio baada ya kuvuta bangi: kawaida au hatari?

"Jamani mimi nikipiga jani, dakika chache tu moyo unaanza kwenda mbio hadi nausikia masikioni. Washkaji wanasema ni kawaida ntazoea, dada yangu anasema ntakufa na moyo. Nani yuko sahihi?"

Kila upande una ukweli wake ila kila upande unauvuta mbali kuliko unapofika, kwahiyo tuanze na kinachotokea mwilini.

THC, ile kemikali inayoleta stimu, ukiivuta inapita kwenye mapafu na kuingia kwenye damu ndani ya sekunde chache. Ikishaingia inafanya mambo mawili kwa moyo: inaamsha neva zinazouharakisha, zile zile zinazoamka ukishtuliwa, na papo hapo inalegeza breki, yaani neva ya vagasi ambayo muda wote ukiwa umetulia huwa inaushikilia moyo usikimbie. Ndo maana mapigo yanapanda haraka hata kama umekaa zako kwenye kochi hufanyi kitu. Kwa wengi yanaongezeka kati ya 20 na 50 kwa dakika, yanaanza kupanda ndani ya dakika chache, yanafika kileleni kama dakika 10 hadi 30 hivi, halafu yanashuka taratibu ndani ya saa mbili tatu.

Chukua kijana wa miaka 25, hana ugonjwa wowote, ametulia mapigo yake ni 72. Anavuta, baada ya robo saa anaweka vidole viwili kwenye mkono chini ya kidole gumba, anahesabu nusu dakika anapata 59, mara mbili ni 118. Hiyo ni kasi ya mtu anayetembea haraka kupanda mlima, na moyo wa kijana unaimudu bila shida. Shida inayomkuta mara nyingi ni nyingine, anausikia moyo, anaogopa, uoga unamwaga adrenalini, adrenalini inaongeza mapigo tena, anaogopa zaidi, dakika tano mbele yuko sakafuni anaaga ndugu. Hiyo ni paniki, inatisha kweli kweli lakini inapita. Kwahiyo hapo washkaji wana hoja, kwa mtu wa aina hii kasi hiyo peke yake ni dawa inafanya kazi yake, haimaanishi moyo umeharibika.

Na hata hilo la "utazoea" lina ushahidi. Miaka ya 1970 huko Marekani kuna watu walipewa THC ya kumeza dozi kubwa kila siku mpaka siku 20, na kadri siku zilivyoenda ile kasi ikaisha, mapigo yao yakaishia kuwa chini kuliko walivyoanza. Ndo maana mvutaji wa siku nyingi anakushangaa, yeye hasikii kitu. Ila akiacha kwa muda kule kuzoea kunapungua, akirudi na kiasi kile kile alichozoea anakutana na moyo wa mtu mgeni.

Sasa upande wa dada. Mwaka 2001 Murray Mittleman na wenzake walichapisha utafiti wa watu 3,882 waliopata shambulio la moyo, wakawauliza walikuwa wanafanya nini kabla. 124 walikuwa wamevuta bangi ndani ya mwaka ule, na 9 walivuta ndani ya saa moja kabla ya shambulio. Wakilinganisha na jinsi watu hao hao wanavyovuta siku zote, hatari ya saa ile ya kwanza ilitoka mara 4.8 ya kawaida, saa ya pili ikashuka sana. Watu tisa ni wachache mno na mtu ana haki kabisa ya kusema namba hiyo inaweza kuyumba. Mimi kinachonifanya niichukulie kwa uzito ni muda wenyewe, hatari inapanda na kushuka karibu sawasawa na mapigo yanavyopanda na kushuka.

Na kuna jaribio dogo la mwaka 1974 ambalo kwangu linaonyesha vizuri zaidi kwanini. Aronow na Cassidy walichukua wagonjwa 10 wenye anjaina, yale maumivu ya kifua yanayokuja moyo ukikosa damu ya kutosha, wakawavutisha msokoto mmoja kisha wakawafanyisha mazoezi. Baada ya bangi muda wa kuvumilia kabla kifua hakijauma ulipungua kwa 48%, walipovuta msokoto usio na THC ulipungua 9% tu. Sababu inaeleweka: moyo unaokimbia unadai oksijeni nyingi, na wakati huo huo moshi umeleta kabonimonoksaidi ambayo inakaa kwenye damu pale ilipotakiwa kukaa oksijeni, yaani deni linapanda na mshahara unakatwa.

Kwahiyo swali la kweli kwangu ni moyo wa nani. Yule kijana wa 25, uwezekano wa kupata shambulio la moyo saa yoyote ile ni mdogo mno, uzidishe mara tano bado ni mdogo mno. Mtu wa miaka 58 mwenye presha na kisukari, anavuta na sigara, anaanzia juu, mara tano yake ni kitu kingine kabisa, na huyo ndo anayejitetea kwamba kavuta tangu ujana na hajawahi kuumwa. Kuzoea kumemwondolea dalili ya mapigo, mishipa yake haijui habari hiyo, na moshi anaingiza ule ule. Hapa dada anashinda, na anashinda kwa mbali. Namweka humo pia kijana ambaye familia yao wapo waliokufa ghafla wakiwa wadogo, au aliyewahi kuambiwa moyo wake una hitilafu.

Kuna mambo yanaharibu hesabu hii. Anayechanganya jani na mirungi, au na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, anauharakisha moyo kutoka pande mbili. Anayekula keki ya bangi hasikii kitu mpaka nusu saa au saa moja na zaidi, anaona imegoma anaongeza kipande, halafu zote zinapanda pamoja na hapo moyo unakimbia masaa mengi, sio mawili. Na ukisimama ghafla unaweza kuona giza ukaanguka kwasababu bangi inatanua mishipa na presha inashuka ukiinuka, kaa chini au lala, kunywa maji. Usimeze propranolo ya mtu, ile dawa ya presha, ni kweli inazuia hiyo kasi lakini mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya sana.

Utajuaje sio kawaida? Kasi ya bangi inapanda hatua kwa hatua ndani ya dakika kadhaa, inapiga kwa mpangilio na inashuka taratibu. Moyo ukiruka ghafla kama swichi hadi 160 au 180 umekaa tu, au ukipiga ovyo ovyo bila mpangilio, au kifua kikibana na maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, au umezimia, au pumzi haitoshi, usisubiri stimu iishe, nenda hospitali saa hiyo hiyo wakupime umeme wa moyo. Na ukifika mwambie daktari umevuta nini, kiasi gani na saa ngapi. Najua watu wanaficha wakiogopa polisi, lakini daktari asiyejua anaweza kukupa dawa isiyofaa, na asipojua ulivuta saa ngapi hawezi kujua kama mapigo yako yalitakiwa yawe yameshashuka.